Kufunga mkopo kabla ya muda: riba ya kila siku inavyopigwa, na kwa nini unachookoa ni kidogo kuliko ulivyotarajia

Kila mavuno yanapoanza kuingia sokoni, wafanyabiashara wengi wa Uyole, Makambako na Mafinga huenda kufunga mikopo waliyochukua kabla ya mvua. Wengi hutoka wamenuna. Mtu amebakiza miezi minne kati ya kumi na miwili, akajipigia hesabu kwamba theluthi ya riba itafutwa, kumbe kinachofutwa hakifiki hata nusu ya hiyo. Mara nyingi hajaibiwa. Hesabu aliyoipiga ndiyo isiyo sahihi.

Mwongozo huu unafuata mkopo mmoja wa mfano tangu siku ulipotolewa hadi siku ya kufungwa. Ukishaufuata, chukua karatasi za mkopo wako upige hesabu yako mwenyewe kabla hujakanyaga benki.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Mkataba wa mkopo au barua ya ofa, kurasa zote, hasa ile yenye tozo na adhabu.
- Ratiba ya marejesho uliyopewa siku ya kusaini.
- Taarifa ya akaunti ya mkopo. Usiichanganye na taarifa ya akaunti yako ya kawaida: hapa unataka karatasi inayoonyesha msingi, yaani fedha yenyewe uliyokopa, riba na salio kwa kila rejesho.
- Kikokotoo cha simu na kalenda.

Kama huna taarifa ya mkopo, iombe kwanza. Salio unaloliona kwenye simu halitoshi kwa kazi hii. Mifumo mingine huonyesha msingi peke yake, mingine hujumlisha na riba ya miezi ambayo bado haijafika, na kwa kulitazama tu huwezi kujua ni lipi kati ya hayo.

## Hatua ya 1: Jua riba yako inapigwa juu ya nini

Fungua ratiba ya marejesho, utazame safu ya riba kuanzia rejesho la kwanza hadi la mwisho.

Riba ikiwa inashuka kila mwezi, mkopo wako unatozwa riba juu ya salio, yaani juu ya kile ambacho bado unadaiwa. Mwongozo huu unahusu zaidi mkopo wa namna hiyo.

Riba ikiwa ni ileile mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, inapigwa juu ya mkopo wote kana kwamba hujarudisha hata shilingi. Wengi huiita riba ya flati. Hapa usidanganywe na udogo wa asilimia. Shilingi 6,000,000 kwa flati ya asilimia 1.5 kwa mwezi huzaa riba ya 90,000 kila mwezi, jumla 1,080,000 kwa mwaka. Mkopo huohuo kwa asilimia 24 kwa mwaka juu ya salio, ambayo ni sawa na asilimia 2 kwa mwezi, huzaa kama 807,000 tu. Asilimia inayoonekana kubwa ndiyo yenye nafuu.

Kwenye mkopo wa flati, kila kitu kinategemea maneno ya mkataba. Mikataba mingine husema ukifunga mapema unalipa riba ya miezi uliyokaa na fedha peke yake. Mingine husema riba yote ya muda wa mkopo ni deni tangu siku ya kwanza, na hapo ukifunga mapema huokoi chochote: unalipa marejesho yote yaliyobaki kwa mkupuo. Tafuta kifungu hicho, ukisome mwenyewe, na usiridhike na maelezo ya mdomo.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja riba yako inapigwa juu ya salio au juu ya mkopo wote, na ukaonyesha mstari wa mkataba unaosema hivyo.

## Hatua ya 2: Piga riba ya siku moja

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua salio la msingi, zidisha kwa riba ya mwaka, gawanya kwa siku 365.

Mfano wetu ni mwenye duka la pembejeo Uyole. Tarehe 5 Oktoba amepewa 6,000,000 ili ajaze mbolea na mbegu kabla ya mvua za Novemba. Riba ni asilimia 24 kwa mwaka juu ya salio, muda ni miezi 12, rejesho ni 568,000 kila tarehe 5.

6,000,000 × 0.24 = 1,440,000. Gawanya kwa 365, unapata 3,945. Hiyo ndiyo riba ya siku moja kabla hajarejesha chochote. Inahesabika Jumapili, inahesabika sikukuu, na inahesabika hata siku mbolea ikiwa bado haijapakuliwa kwenye lori.

Kutoka 5 Oktoba hadi 5 Novemba ni siku 31. Kwa hiyo riba ya rejesho la kwanza ni 122,301. Ukizidisha 3,945 kwa 31 utapata 122,295. Zile shilingi sita ni za desimali tulizozikata. Kwenye kikokotoo usikate katikati, kata mwishoni.

Anayetumia jedwali la kompyuta ataandika hivi, salio likiwa B2 na idadi ya siku ikiwa C2:

```
=B2*0.24*C2/365
```

Sasa linganisha na taarifa yako. Chukua riba ya kipindi kimoja, gawanya kwa idadi ya siku, gawanya kwa salio la mwanzo wa kipindi, kisha zidisha kwa 365. Ukipata 0.24, mko pamoja. Ukipata 0.2433, mkopeshaji anagawanya kwa 360 badala ya 365. Kwa mkopo wetu hiyo ni tofauti ya shilingi 55 kwa siku mwanzoni na karibu 11,000 kwa mwaka mzima. Siyo kosa ikiwa mkataba umeandika siku 360. Ikiwa umeandika 365, una hoja ya kudai.

Kosa la kawaida hapa ni kuhesabu siku vibaya. Kati ya siku ya kupokea fedha na siku ya kulipa, inahesabiwa moja tu. Kutoka tarehe 5 hadi tarehe 20 ni siku 15, siyo 16. Ukiona unatofautiana na benki kwa riba ya siku moja kamili, anza kuangalia hapo.

## Hatua ya 3: Fuata rejesho lako linavyogawanywa

Hapa ndipo hesabu za wengi zinapopotelea, kwa hiyo tutembee taratibu.

Tarehe 5 Novemba mwenye duka analipa 568,000. Kwanza inakatwa riba ya siku 31, yaani 122,301. Kinachobaki, 445,699, ndicho kinachopunguza msingi. Salio sasa ni 5,554,301.

Kuanzia jioni hiyo riba ya siku si 3,945 tena. Imeshuka hadi 3,652, kwa sababu inapigwa juu ya salio jipya. Kwa siku 30 hadi 5 Desemba inafika 109,564. Rejesho ni lilelile la 568,000, lakini sehemu inayokwenda kwenye msingi imeongezeka hadi 458,436.

Ukiendelea hivyo hadi mwisho, riba ya mkopo wote ni 807,247. Lakini haikugawanyika sawasawa. Marejesho manne ya kwanza yamebeba riba ya 430,148. Manne ya kati yamebeba 268,278. Manne ya mwisho yamebeba 108,821 tu.

Sababu ni moja: riba ya siku inafuata ukubwa wa deni, na deni ni kubwa mwanzoni. Hakuna aliyeipanga ili ikukomoe. Mwenye duka alikaa na karibu shilingi milioni sita mwezi wa Oktoba, na Septemba anakaa na nusu milioni tu. Alilipia kile alichokuwa nacho mkononi.

Kuna jambo moja la kutazama kwenye taarifa yako. Ukichelewa rejesho, mikataba mingi hukata adhabu kwanza, kisha riba, na msingi mwisho. Ukiona mwezi ambao umelipa rejesho kamili lakini msingi umeshuka kidogo kuliko mwezi uliotangulia, tafuta adhabu iliyokatwa katikati. Mwezi wenye siku 31 baada ya ule wa siku 28 unaweza pia kukupa riba inayokaribia ya mwezi uliopita, na hilo ni kawaida.

Umefaulu hatua hii ukichukua mwezi wowote kwenye taarifa, ukapiga riba na msingi wake, na jibu lako likatofautiana na la benki kwa shilingi chache tu.

## Hatua ya 4: Piga unachookoa kweli

Tuseme Juni imefika, wakulima wameuza, madeni ya duka yamelipwa. Tarehe 5 Juni mwenye duka analipa rejesho la nane na anataka kufunga kabisa. Salio la msingi ni 2,154,426.

Hesabu ya haraka kichwani mwake ni hii: nimebakiza miezi 4 kati ya 12, kwa hiyo nitaokoa theluthi ya 807,247, yaani kama 269,000.

Hesabu ya kweli ni jumla ya riba ya marejesho yale manne ambayo hayatakuwepo tena: 42,498 na 33,203 na 22,302 na 10,818. Jumla 108,821. Hicho ndicho anachookoa kabla ya tozo.

Sasa tozo. Mikataba mingi ina kifungu cha kulipa kabla ya muda, mara nyingi asilimia fulani ya salio linalofungwa. Kwa mfano wetu tuweke asilimia 3. Wewe weka iliyo kwenye mkataba wako, na ukikuta hakuna, usiweke kitu. Asilimia 3 ya 2,154,426 ni 64,633. Ukiitoa kwenye 108,821, mkononi inabaki 44,188.

Angalia hali inavyobadilika kulingana na siku unayofunga:

| Anafunga baada ya rejesho la | Salio | Riba inayofutwa | Tozo ya 3% | Anachookoa |
|---|---|---|---|---|
| 5 Januari | 4,631,737 | 471,510 | 138,952 | 332,558 |
| 5 Juni | 2,154,426 | 108,821 | 64,633 | 44,188 |
| 5 Agosti | 1,094,127 | 33,120 | 32,824 | 296 |
| 5 Septemba | 548,429 | 10,818 | 16,453 | hasara 5,635 |

Mstari wa mwisho ndio wa kukazia macho. Anayefunga mkopo huu mwezi mmoja kabla ya mwisho anailipa benki zaidi kuliko angeuacha ujiishie wenyewe. Riba inayofutwa inapungua haraka kwa sababu salio na siku vinapungua vyote viwili, wakati tozo inafuata salio peke yake.

Halafu kuna fedha ulizokwisha kulipa siku ya kwanza. Kama ada ya kushughulikia mkopo ilikuwa asilimia 1.5 na bima asilimia 1, zilikatwa 150,000 kabla hujapokea fedha. Ada kwa kawaida hairudi ukifunga mapema. Kwa bima, uliza. Iwapo mkataba wa bima unaruhusu kurudishiwa sehemu ya muda ambao haujatumika, unapaswa kuiomba kwa maandishi, maana haiji yenyewe.

## Hatua ya 5: Amua kama kufunga kuna faida

Usilinganishe 44,188 na uzito wa deni moyoni tu. Linganisha pia na kazi ambayo 2,154,426 ingefanya kama ingebaki dukani.

Juni na Julai ndipo mahindi yanapokuwa mengi Nyanda za Juu Kusini na bei huwa chini. Anayenunua na kuhifadhi vizuri kwa kawaida anatarajia bei ipande kuelekea Januari. Lakini mwenye duka asijidanganye kwamba ana milioni mbili huru kwa miezi minne. Kila tarehe 5 lazima 568,000 itoke. Akiigeuza fedha yote kuwa magunia, rejesho la Julai litamkuta hana kitu, na adhabu ya kuchelewa itaila ile faida. Kiasi anachoweza kukiweka kwenye mzigo hadi Januari ni kile kinachobaki baada ya kutenga marejesho yote manne, isipokuwa kama mauzo ya duka yanayalipa.

Kwa maoni yetu, mkopo wenye tozo ya asilimia 3 na uliobakiza miezi mitatu au pungufu haufai kufungwa kwa ajili ya kuokoa riba. Unafaa kufungwa ukiwa unataka dhamana yako irudi haraka, au ukijijua kwamba fedha ikibaki itatumika kwa mambo mengine na marejesho yatayumba. Hizo ni sababu nzuri, ila usiziite akiba ya riba.

Kinachosaidia zaidi ni kulipa sehemu mapema wakati deni bado ni kubwa, kama mkataba unaruhusu bila tozo. Kila milioni moja ya ziada kwenye mkopo huu inasimamisha riba ya 658 kwa siku. Ukiilipa 5 Januari badala ya kusubiri 5 Juni ni siku 151, yaani karibu 99,000. Milioni hiyohiyo, deni hilohilo, tofauti ni tarehe tu.

Onyo: kuweka milioni kwenye akaunti yako si kulipa mkopo. Bila maagizo ya maandishi, mifumo mingi huacha fedha ikae pale na kukata 568,000 tu kila tarehe 5. Riba inaendelea kupigwa juu ya deni zima huku fedha yako ikiwa imelala kando yake. Andika barua fupi: kiasi, namba ya mkopo, na maneno “kiende kupunguza msingi leo”. Eleza pia kama unataka rejesho libaki lilelile ili mkopo uishe mapema, au muda ubaki na rejesho lipungue. La kwanza ndilo linalookoa riba zaidi. Kesho yake omba taarifa; salio la msingi liwe limeshuka kwa milioni kamili, au kwa milioni ukiondoa riba ya siku zilizopita tangu rejesho la mwisho.

## Hatua ya 6: Omba kiasi cha kufunga, chenye tarehe

Ukiamua kufunga, andika barua kwa mkopeshaji kuomba kiasi cha kufunga mkopo kwa tarehe maalumu, kikiwa kimechanganuliwa: msingi, riba hadi siku hiyo, tozo, na adhabu kama ipo. Kiasi kisicho na tarehe hakina maana, kwa sababu riba inaongezeka kila siku.

Mwenye duka wetu hakufunga tarehe 5, amepanga 20 Juni. Riba ya siku kwenye salio la 2,154,426 ni 1,417. Kwa siku 15 ni 21,249. Kwa hiyo msingi na riba ni 2,175,675, na tozo ya 64,633 juu yake. Akiba yake nayo imeshuka kutoka 44,188 hadi 22,939 kwa kusubiri wiki mbili tu.

Kinachoharibika mara nyingi ni hapa mwishoni kabisa. Analipa kwa wakala Jumamosi tarehe 20, malipo yanaingia kwenye mkopo Jumatatu tarehe 22. Zimeongezeka siku mbili za riba, 2,833. Ni fedha ndogo, lakini mkopo haujafungwa: umebaki na mabaki yanayoendelea kuzaa riba, na huenda yakaanza kuhesabiwa kama ucheleweshaji bila yeye kujua. Lipa siku ya kazi asubuhi, tawini, au ongeza riba ya siku tatu na uombe kinachozidi kirudishwe kwenye akaunti yako.

## Hatua ya 7: Hakikisha umefungwa

Usiondoke na risiti ya malipo peke yake. Omba vitu vitatu: taarifa ya mkopo inayoonyesha salio sifuri, barua ya kumaliza deni yenye muhuri, na tarehe ya kurudishiwa dhamana, iwe hati ya kiwanja au kadi ya gari. Kama ulisaini maagizo ya kukata mshahara au akaunti, omba yasitishwe kwa maandishi.

Tarehe 5 ya mwezi unaofuata, angalia akaunti yako. Rejesho likikatwa tena, mkopo haukufungwa kwenye mfumo.

Hesabu yako na ya mkopeshaji zikipishana kwa zaidi ya shilingi chache, andika malalamiko kwake kwanza, ukiambatisha hesabu ya kipindi kimoja kimoja kama tulivyofanya hatua ya 3, na utunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asipokujibu, au jibu lisiporidhisha, nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Mbeya mjini.